Kumbukumbu ya zamu: kujua mashine ilifanya nini usiku

Programu inayojiendesha ikikesha ikishughulikia maombi ya wateja, asubuhi lazima mtu aweze kupitia kazi yake, ombi baada ya ombi. Kinachomwezesha ni kumbukumbu ya zamu: faili ambamo kila hatua ya programu huandikwa papo hapo, kwa mstari wake, pamoja na muda na namba ya kazi.

Ripoti ya mwisho wa zamu haitoshi. "Maombi yote yamekamilika" ni maelezo ya programu kuhusu yenyewe, na programu zinazotumia modeli za lugha zinaweza kudai zimefanya jambo ambalo halikufanyika. Kwa hiyo mwandishi wa kumbukumbu asiwe programu hiyo yenyewe. Iandikwe na sehemu ya mfumo inayopitisha maagizo ya programu kwenda benki au kwenye mtandao wa simu.

Tuseme programu inarudishia wateja pesa walizolipa kimakosa. Asubuhi mkaguzi anakuta haya:

```
23:14:05Z R-118 NIA rejesha 45000
23:14:35Z R-118 TOKEO hakuna jibu
23:14:40Z R-118 NIA rejesha 45000
23:14:42Z R-118 TOKEO imelipwa
```

Herufi Z inaonyesha saa ya UTC, kwa hiyo kwa Nairobi au Dar es Salaam unaongeza saa tatu: ilikuwa saa nane na dakika kumi na nne usiku. Ripoti ingesema tu kwamba R-118 imelipwa. Mistari hii inaonyesha kwamba agizo lilitoka mara mbili. Kukosa jibu hakumaanishi pesa hazikwenda. Huenda malipo yalipita na jibu ndilo lililopotea njiani. Mkaguzi anafungua taarifa ya akaunti na kutafuta miamala ya 45,000 ya muda ule. Akikuta miwili, mteja amelipwa mara mbili.

Ndiyo maana nia huandikwa kabla ya tendo. Kama mfumo ungeandika matokeo tu, halafu umeme ukakatika katikati, agizo lililokwisha kutoka lisingeacha alama yoyote. Nia isiyo na tokeo ndiyo ya kuanza nayo kila asubuhi, na naiona ni muhimu kuliko mistari iliyoandikwa kosa waziwazi, maana hiyo kila mtu huiona.

Karibu na nia, weka pia kile programu ilichokisoma kabla ya kuamua: ombi lenyewe, salio la wakati ule na toleo la maagizo iliyopewa. Bila hivyo utajua ililipa, lakini hutaweza kupima kama ilistahili kulipa. Namba ya simu ya mteja ifichwe, zibaki tarakimu chache za mwisho, kwa sababu faili hili litasomwa na wengi.

Na programu ipewe ruhusa ya kuongeza mistari tu. Ikiwa ufunguo wake wa kufikia faili unaweza kufuta au kubadilisha mstari wa jana, mkaguzi hana cha kutegemea isipokuwa taarifa ya benki.