GPA 3.36 na bado una sapu: alama zipi zinabeba zipi

Kila matokeo ya muhula yanapobandikwa, ofisi yangu ya uratibu wa mitihani hujaa wanafunzi wenye swali moja. Nina A, nina B+ mbili, wastani wangu ni mzuri, iweje niambiwe nina sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo moja? Swali hili lina haki ya kuulizwa, kwa sababu zipo nchi ambako mwanafunzi mwenye matokeo hayohayo angeambiwa amefaulu muhula mzima na akaenda likizo. Nitalijibu kwa kutumia karatasi moja ya matokeo. Ni ya mfano, ila inafanana na nyingi nilizopitisha mkononi. Mwenyewe tumwite Neema, mwaka wa kwanza, shahada ya uchumi, chuo kikuu cha Tanzania.

Katika vyuo vingi vyetu somo hukamilika kwa alama 100: kosiweki, yaani majaribio na kazi za katikati ya muhula, 40, na mtihani wa mwisho wa muhula, yaani UE, 60. Pasi ya shahada ya kwanza ni 40. Kuanzia 70 ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C. Chini ya hapo ni kufeli: 35 hadi 39 ni D, na chini ya 35 ni E. Neema ana masomo matano. Uchumi amepata 71, Takwimu 62, Uhasibu 53, Stadi za Mawasiliano 65, na Hisabati 38. Manne ya kwanza hayana mjadala. Tukae kwenye Hisabati.

Kosiweki yake ya Hisabati ni 24 kati ya 40. Alifanya majaribio mawili, kila moja limesahihishwa kwa alama 30 lakini lina uzito wa 15. Jaribio la kwanza alipata 18, likawa 9. La pili alipata 20, likawa 10. Kazi ya kikundi ilikuwa na uzito wa 10, akapata 5. Tisa, jumlisha kumi, jumlisha tano: ishirini na nne. Nimeyaandika haya kirefu kwa sababu hapa ndipo makosa mengi ya matokeo huzaliwa. Mwalimu mmoja anaingiza 18 bila kuigeuza kuwa 9, mwingine anaacha nafasi wazi kwa aliyefanya jaribio kwa ruhusa siku nyingine, na mfumo unaisoma nafasi hiyo kama sifuri. Kosa la namna hii hulioni kwenye matokeo ya mwisho, maana pale panaonekana jumla tu. Utaliona kosiweki inapobandikwa kabla ya UE, ukiwa na karatasi zako ulizorudishiwa na ukapiga hesabu mwenyewe. Ukilileta wakati huo, mwalimu wa somo analirekebisha mwenyewe. Ukisubiri hadi matokeo yapite kwenye bodi ya kitivo na Seneti, kila alama inayobadilika inahitaji barua na kikao.

Basi Neema aliingia kwenye UE ya Hisabati akiwa na 24 mkononi. Ili afike 40 alihitaji 16 kati ya 60, yaani kama asilimia 27 tu ya mtihani. Alipata 14. Alama mbili zilimwangusha.

Ndani ya somo moja, kosiweki na UE zinabebana. Mwenye kosiweki ya 30 anahitaji 10 tu kwenye UE, na mwenye 16 anahitaji 24. Lakini si kila chuo kinaacha zibebane bila mpaka. Vipo vinavyokataza kuingia UE kama kosiweki haijafika 16 kati ya 40, na vipo vinavyotaka UE yenyewe ifike 24 kati ya 60, jumla iwe imefika 40 au haijafika. Chini ya kanuni hiyo ya pili, hata kama Neema angepata ile 16 aliyoihitaji, angekuwa na 40 kamili na bado angerudi kwenye sapu. Ndiyo maana mwanafunzi anayehama chuo asibebe mazoea ya chuo alichotoka. Kenya nako, mgawanyo uliozoeleka ni kosiweki 30 na mtihani 70, na kinga ya kosiweki inakuwa nyembamba zaidi. Uwezo uleule wa Neema ungempa 18 kati ya 30 na kama 16 kati ya 70. Jumla ni kama 34, na kwa madaraja yetu hapo hata D asingeipata, angeangukia E.

Sasa lile swali la msingi. Kwa nini ile 71 ya Uchumi isimpe Hisabati alama mbili?

Kwa sababu kwetu kila somo linahukumiwa peke yake. Alama hazihami kutoka somo hadi somo. Kinachochanganya masomo ni GPA, nayo haichanganyi alama bali pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0, kila moja ikizidishwa kwa krediti za somo. Tuseme masomo manne ya Neema yana krediti 12 kila moja na Stadi za Mawasiliano zina 8. Uchumi unaleta pointi 60, Takwimu 48, Uhasibu 36, Mawasiliano 32, Hisabati 12. Jumla 188, gawanya kwa krediti 56, unapata 3.36. Ni wastani mzuri, lakini sapu iko palepale.

Hata hivyo masomo yale manne hayakumsaidia bure. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kimetumia mstari wa GPA 1.8: mwanafunzi ambaye wastani wake wa mwaka uko chini ya hapo kabla ya sapu anadisko, yaani anaondolewa chuoni, hapewi hata nafasi ya kurudia mtihani. Uchumi na Takwimu hazikuweza kumpa Neema pasi ya Hisabati, ila zikiendelea hivyo muhula wa pili zitamlindia haki ya kuijaribu tena. Kubebana kati ya masomo kwetu kunaishia hapo.

Tumpeleke Neema Ufaransa na alama zake zilezile. Kule pasi ni 10 kati ya 20, na kwa utaratibu uliozoeleka masomo hufidiana: unachukua alama zenyewe, unazipima kwa uzito wa kila somo, na wastani ukifika 10 muhula wote umepita. Hisabati yake inakuwa 7.6, Uchumi 14.2, Takwimu 12.4, Uhasibu 10.6, Mawasiliano 13. Wastani wake kwa uzito uleule ni kama 11.5. Amefaulu. Anapata krediti zote za muhula, ambazo kule ni 30, na ile 7.6 inabaki kwenye karatasi yake ikionyesha kwamba imepita kwa kufidiwa. Hana sapu. Mfumo huu wa LMD, yaani Licence, Master na Doctorat, ndio ambao majirani zetu wa Kongo wameuingia pia, kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi akimsikia wa Dar analalamikia sapu moja, hashangai bila sababu.

Angalia pia tofauti ya pili iliyojificha humo. Kama Neema angepata 95 ya Uchumi badala ya 71, kwetu GPA yake isingesogea hata kidogo, kwa kuwa zote ni A. Ufaransa wastani wake ungepanda hadi 12.5. Kwetu ubora unaozidi 70 haumfidii mtu chochote.

Wafaransa wenyewe wamebadilisha msimamo. Kanuni ya shahada ya licence ya mwaka 2011 ilitaka fidia ifanyike katika muhula mzima, bila alama ya chini inayomzuia mtu. Kanuni ya Julai 2018 ikaruhusu vyuo kupanga masomo kwa mafungu yanayoshabihiana na kufidia ndani ya fungu. Sababu yake naielewa vizuri. Mwanafunzi wa uchumi aliyebebwa na lugha na mawasiliano hadi mwaka wa tatu anafika kwenye ekonometriki hajui kutafuta derivativu.

Msimamo wangu, baada ya kukaa kwenye vikao vingi vya bodi, ni huu. Somo ambalo mengine yamejengwa juu yake lisifidiwe, na Hisabati ya Neema ni mojawapo. Lakini D kwenye somo la pembeni, kwa mwanafunzi mwenye wastani wa juu ya 3, ingefaa bodi iruhusiwe kuipitisha. Tunamrudisha mtu chuoni, analipa nauli na chumba, kwa ajili ya alama mbili za somo ambalo halitamfuata popote. Si haki, na wala haimwongezei elimu.

Neema sasa ana sapu, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wameketi kwenye chumba cha mtihani. Katika vyuo vyetu vingi sapu haihesabu kosiweki. Zile 24 zake zimefutika. Mtihani unasahihishwa kwa 100 na lazima apate 40 humohumo. Mara ya kwanza alihitaji asilimia 27 ya mtihani, safari hii anahitaji asilimia 40, kwa somo ambalo UE yake ilikuwa asilimia 23. Anayejiandaa akiamini anadaiwa alama mbili tu anafeli tena, na nimewaona wengi.

Akipata 58, hatapewa B. Sapu ikifaulu huandikwa C, hata ukipata 90. Pointi za Hisabati zinapanda kutoka 12 hadi 24, jumla inakuwa 200, na GPA ya muhula inafika 3.57. Imevuka 3.5, mstari wa daraja la pili la juu. Kama angefaulu kwa B mara ya kwanza angekuwa na 3.79. Hiyo tofauti ataendelea kuibeba hadi mwaka wa mwisho, kwa sababu daraja la shahada huhesabiwa kwa pointi za miaka yote.

Akishindwa sapu, somo linakuwa keri. Analisoma upya mwakani pamoja na masomo ya mwaka wa pili, safari hii akianza na kosiweki mpya ya 40 na UE ya 60. Kabla ya kujisajili aangalie jambo moja: masomo ya mwaka wa pili yanayodai Hisabati kama sharti hayatafunguka kwake hadi keri ipite, na ratiba ya madarasa haitapangwa kwa kumfikiria yeye. Aje ofisini na orodha ya masomo hayo wiki ya kwanza ya muhula, maana dirisha la kuongeza na kuacha masomo hufungwa mapema.