Fizi zikivimba kinywa kizima na homa ikapanda, hayo si meno

Wazazi wengi wanaoniletea watoto wa kati ya miezi 6 na mwaka 1 hufika wakiwa na jibu tayari: mtoto anaota meno. Kuhusu udenda unaolowesha bibu na vidole visivyotoka mdomoni, mara nyingi huwa sawa kabisa. Lakini mimi ni daktari wa watoto hapa Nairobi, na kuna ugonjwa mmoja wa kinywa ambao huja na udenda uleule na fizi zilezile nyekundu, katika umri uleule, na kwa sababu hiyo watu hungoja meno huku mtoto akikaukiwa maji. Nataka mzazi aweze kuutambua akiwa nyumbani.

Kwanza tukubaliane meno yenyewe hufanya nini. Jino la kwanza, kwa kawaida moja ya yale mawili ya mbele chini, hutokeza karibu na miezi 6, ingawa wako wanaolipata mapema wakiwa na miezi 4 na wengine hukaribia mwaka. Ufizi huvimba kidogo pale pale jino linapopasulia. Mtoto hung'ata kila kitu, husugua fizi, hulia ovyo jioni, na hutoa udenda. Ila udenda peke yake usikudanganye, kwa kuwa watoto wengi huanza kuutoa wakiwa na miezi 3 hivi: mate yameongezeka na mtoto bado hajajua kuyameza vizuri. Jino linaweza kuwa mbali.

Mwaka 2000, madaktari wa Cleveland, Marekani, walichapisha kazi ambayo hunisaidia sana ninapozungumza na wazazi. Wazazi wa watoto 125 waliandika kila siku joto la mtoto, dalili zake na jino lililotokeza. Dalili za kweli za meno zilikaa ndani ya siku 8 tu: siku 4 kabla ya jino, siku yenyewe, na siku 3 baadaye. Joto lilipanda kidogo. Homa ya kupita nyuzi 38.9, kutapika, kuhara na kikohozi havikuhusiana na meno. Kuna jambo jingine dogo ambalo naona ndilo lenye manufaa zaidi kwa mzazi: hamu ya vyakula vigumu ilipungua, lakini hamu ya vinywaji haikuguswa. Mtoto anayeota jino anaweza kusukuma kijiko cha viazi. Hakatai titi kutwa nzima.

Sasa nieleze kisa, ambacho nimekibadilisha hapa na pale ili mtoto asitambulike. Msichana wa miezi 10 aliletwa Jumanne asubuhi na mama yake pamoja na nyanya yake kutoka Donholm. Homa ilikuwa imeanza Ijumaa. Jumapili fizi zikawa nyekundu, udenda ukaongezeka, na nyanya akatulia. "Daktari, huyu anatoa ya juu," aliniambia. "Mama yake pia alisumbua hivi hivi." Walikuwa wamepewa jeli ya kupaka fizi kwenye duka la dawa. Kilichowaleta ni kwamba tangu usiku mtoto alikuwa akishika titi, anavuta mara mbili, kisha anajirusha nyuma akilia. Tangu Jumatatu asubuhi nepi zilizolowa zilikuwa mbili tu.

Joto lake lilikuwa 39.4. Uzito ulikuwa kilo 8, na kijitabu chake cha kliniki kilionyesha kilo 8.4 wiki mbili nyuma. Nilimwomba mama amlaze mapajani mwake, kichwa kikinielekea mimi, naye amshike mikono. Hivyo kinywa kizima huonekana vizuri hata mtoto akilia, kwa kweli akilia ndiyo nafuu. Meno mawili ya chini yalishatoka zamani, lakini ufizi ulioyazunguka ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu sana. Hapo ndipo hoja ya meno ilianza kuanguka, kwa sababu jino lililokwisha toka halivimbishi ufizi tena. Nikatazama nyuma, mahali pa magego ambayo hayatarajiwi hadi baada ya mwaka, nako kumevimba vilevile. Nilipogusa ufizi kwa chachi ukatoa damu. Kwenye ulimi na ndani ya mdomo wa chini kulikuwa na vidonda vidogo vya duara, katikati rangi ya kijivu na manjano, pembeni vyekundu. Pumzi ilinuka. Chini ya taya tezi zilikuwa zimevimba na zilimuuma nilipozigusa.

Huu ni uvimbe wa fizi na kinywa unaoletwa na virusi vya hepesi simpleksi aina ya kwanza, mtoto anapokutana navyo mara ya kwanza maishani. Ni virusi vile vile vinavyowatoa watu wazima malengelenge pembeni mwa mdomo wakati wa homa au uchovu. Kinga ambayo mtoto alipata kwa mama yake akiwa tumboni huwa imepungua sana kufikia miezi 6, basi busu la mtu mwenye malengelenge, au kijiko kilichopita mdomoni mwake, hutosha. Nilipouliza, mama alikumbuka kwamba shangazi aliyewatembelea wiki iliyotangulia alikuwa na kidonda mdomoni. Aina hii ya hepesi imeenea mno duniani, na watoto wengi huipata bila dalili yoyote. Wachache ndio huugua hivi, na homa hutangulia vidonda kwa siku moja au zaidi. Ndiyo maana siku za mwanzo hata daktari anaweza asione kitu, na ndiyo maana naomba kinywa kitazamwe tena kila siku homa inapoendelea.

Ugonjwa huisha wenyewe, kwa kawaida katika siku 10 hadi 14. Kinachomhatarisha mtoto ni maumivu kumzuia kunywa. Kwa hiyo matibabu yalianza na maumivu. Alipewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 120, ambazo ni mililita 5 za ile sharubati yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma chupa kabla ya kupima, kwa kuwa nguvu za sharubati hutofautiana. Kipimo hicho hurudiwa kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Tulingoja nusu saa ifanye kazi ndipo tukaanza kumnywesha. Kumpa mtoto kikombe wakati kinywa kinawaka kunamfundisha tu kukikataa.

Macho yalikuwa yameingia ndani kidogo na ulimi ulikuwa umepungukiwa unyevu, hivyo tulimpa dawa ya kurudisha maji mwilini, ile ya paketi, mililita 75 kwa kila kilo katika saa 4. Kwake hiyo ni mililita 600. Kiasi hicho kilimshtua mama mpaka tulipokigawa: mililita 12 hivi kila dakika 5, kwa sirinji isiyo na sindano, ikielekezwa ndani ya shavu ili isiguse vidonda vya ulimi. Ikipoozwa hushuka vizuri zaidi. Saa ya kwanza alitema karibu nusu, nasi tukaendelea. Kabla saa 4 hazijaisha alikojoa nepi nzima na kunyonya titi moja. Angeshindwa, ningemlaza na kumpitishia maji kwa mpira wa puani au mshipani.

Jeli niliwaomba waiache. Nyingi huwa na dawa ya ganzi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zile zenye benzokeini zisipewe watoto chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuharibu uwezo wa damu wa kubeba oksijeni. Zenye lidokeini nazo humezwa pamoja na udenda, na zikizidi huleta degedege na kusumbua moyo. Kuhusu asiklovia, dawa inayopigana na virusi hivi, faida inayojulikana ni pale inapoanza ndani ya saa 72 za mwanzo. Familia hii ilifika siku ya tano. Zile siku za kungoja meno ya juu ndizo ambazo dawa ingefupisha ugonjwa, na hilo linanisikitisha kila mara ninapoliona. Hakuhitaji antibiotiki.

Si kila ufizi uliovimba ni hepesi. Uvimbe mmoja wa rangi ya samawati juu ya jino linalokaribia kutoka ni maji au damu iliyokusanyika, na hupasuka wenyewe, usiutoboe. Vidonda vilivyo nyuma tu karibu na koo, fizi zikiwa safi, mara nyingi ni virusi vingine. Utando mweupe usiofutika ni ukungu.

Lililo zito kuliko hayo ni ule uvimbe mweupe mahali pa chonge, meno yanayochongoka. Chini yake kuna jino changa linalokua, na kila mtoto analo. Bado wapo watu katika eneo letu la Afrika Mashariki wanaouita meno mabaya na kuuchimba kwa kifaa chenye ncha ili kuponya homa au kuhara. Watoto hutokwa damu nyingi, hupata maambukizi ya taya na ya damu, na meno ya kudumu huharibika kabla hayajatoka. Homa iliyowapeleka huko hubaki pale pale, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa kifua, mkojo, au malaria kwa mtoto aliyetoka safari ya Kisumu au Busia. Na mtoto aliye chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 hapaswi hata kidogo kusubiriwa meno. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Tulipoagana niliwaeleza cha kuangalia. Akipita saa 6 bila kukojoa, akilegea, akikataa vinywaji vyote hata baada ya dawa ya maumivu, au jicho likiwa jekundu, warudi mara moja. Jicho nalitaja kwa sababu mtoto hunyonya kidole kisha akajisugua, na virusi hivi vinaweza kukijeruhi kioo cha jicho. Kunyonya kuendelee, isipokuwa kwenye titi lenye malengelenge. Vijiko na chuchu za chupa vyake visitumiwe na mtoto mwingine.

Nyanya aliuliza kama wanaweza kwenda Jumamosi kumwona mjukuu mwingine aliyezaliwa wiki hiyo huko Kayole. Nikamwambia, "Shosho, ngojeni." Hepesi kwa mtoto wa wiki chache inaweza kuingia ubongoni na kwenye ini na kumuua. Huyu asisogezwe karibu naye mpaka vidonda vyote vikauke, na shangazi naye asimbusu mtoto mchanga akiwa na lengelenge mdomoni, hata likiwa moja na dogo.