Mazungumzo ya wateja yakishahifadhiwa, nani ana ufunguo?

Chukua mfano wa duka la friji za malipo ya awamu pale Luthuli Avenue, Nairobi, lenye wafanyakazi 8. Kwenye WhatsApp wateja hutuma picha za vitambulisho, ujumbe wa M-Pesa na maelekezo ya kufika nyumbani kwao. Njiani mazungumzo hayo husimbwa, yaani hugeuzwa yasisomeke bila ufunguo. Lakini mhudumu akiyatoa mwisho wa mwezi na kuyaweka kwenye kompyuta ya ofisi, yanakuwa faili la kawaida ambalo yeyote anayeketi pale anaweza kulisoma.

Wenye maduka hutuambia wamewasha BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima. Wamefanya vyema, kwa sababu mwizi wa kompyuta iliyozimwa hataambulia kitu. Ila mtu akishaingia kwa nywila, diski iko wazi, na kijana wa kupeleka mizigo aliyeomba kuchapa risiti anaona kila kitu.

Kwa duka la kiasi hiki tunapendekeza programu ya bure iitwayo `age`. Meneja na anayeshughulikia malalamiko, hao wawili tu, kila mmoja hujitengenezea funguo zake kwenye kompyuta yake:

```
age-keygen -o ufunguo.txt
```

Faili hilo ni la siri. Ufunguo wa umma, ule wa kufungia tu, unaoanza na `age1`, hupewa mhudumu wa kaunta. Yeye husimba hivi, akiweka funguo za wawili hao mahali pake:

```
age -r UFUNGUO_MENEJA -r UFUNGUO_MALALAMIKO -o machi.zip.age machi.zip
```

Uzuri wake ni kwamba mhudumu anaweza kufunga asiweze kufungua. Hakuna nywila ya pamoja ya kubandikwa ukutani.

Mahali panapoharibikia mara nyingi ni baada ya hapo: `machi.zip` ya awali inabaki kwenye Downloads au kwenye pipa la taka. Ingia kwa akaunti ya kaunta, tafuta `.zip` na `.txt`. Ukipata mazungumzo yanayosomeka, kazi haijaisha. Kagua pia simu ya duka, maana mazungumzo yenyewe bado yamo humo.

Mwenye ufunguo akiacha kazi, kufuta akaunti yake hakutoshi. Fungua faili zote, uzisimbe upya bila ufunguo wake, kisha ufute za zamani. Hata hivyo, nakala aliyoondoka nayo ataendelea kuifungua, ndiyo sababu tunasisitiza wawe wachache.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ujue kumjulisha Kamishna wa Data, ikiwa mtu asiyeruhusiwa amepata data na kuna hatari ya kweli kwa wateja. Sheria hiyo hiyo inataja usimbaji miongoni mwa kinga zinazoweza kukuondolea wajibu wa kumjulisha mteja mwenyewe.

Ufunguo wa siri ukipotea, hakuna wa kukurudishia mazungumzo. Weka nakala yake kwenye flashi ndani ya sefu, na ujaribu kufungua faili moja kwa nakala hiyo kabla hujafuta la awali.