"Daktari ndiye aliyemuua": dhana potofu kuhusu majeruhi anayefia hospitalini

Natetea watu walioshtakiwa kwa mauaji, na familia nyingi huja ofisini na utetezi ambao wameshautunga njiani. Ni kweli kijana wetu alimkata, wanasema, lakini yule mtu alifika hospitali akiongea. Alikunywa uji, akapokea wageni, na amekufa wiki mbili baadaye kwa sababu ya uzembe wa manesi. Sasa kijana wetu anashtakiwa nini? Nimeyajibu maneno hayo hadi nimechoka, kwa hiyo nayaandika. Sheria ninayoizungumzia ni ya Kenya.

Dhana: Jeraha likiingia vijidudu, au hospitali ikizembea, aliyejeruhi hana kesi ya mauaji.

Ukweli: mara nyingi anayo. Kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu anaweza kuhesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama kitendo chake sicho sababu ya pekee wala ya mwisho. Ukimjeruhi mtu, akatibiwa kwa ajili ya jeraha hilo, na matibabu yenyewe yakamuua, bado kifo ni chako, yawe matibabu sahihi au ya makosa, mradi yalitolewa kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida. Hayo maneno "ujuzi wa kawaida" yasomeni mara mbili. Sheria haidai daktari bingwa. Daktari wa hospitali ndogo aliyekosea kama ambavyo daktari yeyote wa kawaida angeweza kukosea hakuokoi.

Mlango upo: matibabu yaliyoua yakiwa hayakutolewa kwa nia njema, au yakiwa chini ya ujuzi huo wa kawaida, aliyejeruhi hahesabiwi kuwa ndiye aliyeua. Familia zikisikia hapo hufurahi mapema mno. Mlango huo ni wa matibabu *yaliyoua*, haukufunguliwa kwa ajili ya matibabu *yaliyoshindwa kuokoa*. Tofauti hiyo ndiyo kesi nzima.

Chukueni mfano wa kubuni, ingawa sura yake naijua vizuri. Majirani wawili wanagombania mpaka wa shamba. Mmoja anamkata mwenzake panga kwenye muundi hadi mfupa unaonekana. Zahanati inaosha kidonda, inashona na kumpa vidonge. Siku ya tano mguu umevimba na unanuka, joto limepanda. Anahamishiwa hospitali kubwa, anakaa siku mbili bila kuonwa na daktari wa upasuaji, mguu unakatwa kwa kuchelewa, na siku ya kumi na nne anakufa. Ripoti ya upasuaji wa maiti inasema: sepsisi iliyotokana na jeraha la kukatwa mguuni.

Nani amemuua? Familia ya mshtakiwa inataja zile siku mbili. Mimi naitazama ripoti. Usaha ulianzia kwenye tundu la panga, ukaingia kwenye damu, damu ikabeba ugonjwa mwili mzima. Hakuna dawa iliyomdhuru wala kisu cha daktari kilichomkata pasipostahili. Hospitali ilichelewa kuzuia kilichoanzishwa na panga, na kuchelewa huko hakuufuti mkato. Kifungu hichohicho kinasema kwamba kitendo chako hakiachi kuwa sababu ya kifo eti kwa kuwa kisingeua bila kitendo au uzembe wa mtu mwingine.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake mawakili wetu huzinukuu, zimeuchora mstari huo vizuri. Katika kesi ya Jordan ya mwaka 1956, mtu alichomwa kisu tumboni akafa hospitalini siku nane baadaye. Jeraha lilikuwa karibu limepona. Alikuwa amepewa teramaisini, dawa ya kuua vijidudu, mwili ukaikataa, daktari mmoja akaisimamisha, na mwingine akaagiza irudishwe. Juu ya hapo alitiwa maji mengi mno mishipani hadi mapafu yakajaa. Hatia ya mauaji ilifutwa. Kesi ya Smith ya mwaka 1959 ilikwenda kinyume. Askari aliyechomwa bayoneti aliangushwa mara mbili akibebwa, na matibabu aliyopewa yalikuwa mabaya kabisa. Ilielezwa kwamba kama angeongezewa damu, nafasi yake ya kupona ingefika hata asilimia 75. Hatia ilibaki, kwa sababu alipokufa bado alikuwa anavuja damu kutokana na jeraha lile lile.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni moja: siku aliyokufa, jeraha lilikuwa katika hali gani? Kama lilikuwa limefunga na ameuawa na sindano isiyomfaa, tuna la kuzungumza. Kama lilikuwa linatoa usaha, msinipotezee muda na habari za manesi wakali. Jibu halitoki kwa shangazi aliyekuwa akipeleka chakula wodini. Linatoka kwenye faili la matibabu: karatasi ya dawa, saa zilipotolewa, maelezo ya kidonda kila kilipofungwa upya. Ushauri wangu, na huwa nauimba, ni kwamba wakili atafute faili hilo mapema, na aombe mwanapatholojia wa upande wenu awepo upasuaji wa maiti unapofanywa. Mwili ukishazikwa, mnabaki mkibishana na karatasi ya mtu mwingine.

Na daktari mzembe, anaachwa tu? La. Anaweza kulalamikiwa kwenye Baraza la Madaktari, kushtakiwa kwa madai ya fidia, hata kesi ya jinai uzembe ukiwa mkubwa mno. Lakini hatia haigawanywi kama mirathi, kwamba fungu la daktari likiongezeka la mteja wangu linapungua. Na hata tukishinda hoja ya kifo, mkato unabaki: kumdhuru mtu vibaya ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Dhana: Alikataa kulazwa akaenda kwa mganga, kwa hiyo alijiua mwenyewe.

Kifungu cha 213 kimelijibu. Jeraha ambalo lisingeua kama majeruhi angekubali matibabu yafaayo, au angejitunza, bado ni la aliyelitia.

Dhana: Nilimpiga mguuni tu, sikutaka afe, hayawezi kuwa mauaji.

Hili ni suala la nia, si la chanzo cha kifo, na watu huyachanganya. Kwa kifungu cha 206, kukusudia kumdhuru mtu vibaya kunatosha. Panga la muundini lililofika mfupani litakuwa gumu kulieleza.

Dhana: Miezi imepita, kesi imekufa.

Kenya bado ina kanuni ya mwaka mmoja na siku moja, kifungu cha 215: kifo kikitokea baada ya muda huo, aliyejeruhi hahesabiwi kuwa ameua. Uingereza iliifuta mwaka 1996. Hesabu inaanzia siku ya kitendo cha mwisho kilichochangia kifo, na siku hiyo yenyewe inahesabiwa. Miezi minane kitandani iko ndani kabisa ya muda.

Dhana: Nilishahukumiwa kwa shambulio na faini nikalipa, sasa hawawezi kunishtaki tena.

Kama majeruhi alikuwa hai siku ya hukumu ile na akafa baadaye kwa jeraha hilohilo, wanaweza. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu mashtaka mapya pale matokeo yanayofanya kosa liwe lingine yalipokuwa hayajatokea. Ndiyo maana mteja akitaka kukiri haraka kesi ya shambulio wakati mlalamishi bado yuko kwenye mashine ya kupumulia, mimi humwambia angoje.