Kampuni ya simu haina majina yako

Wiki hii huyu ni wa nne. "Fundi, nimerinyuu laini lakini majina hayajarudi. Nirudi kwa watu wa laini wanirudishie?" Hapana. Namba yako ya simu inaishi kwenye mitambo ya kampuni, ndiyo maana inahamishiwa kadi mpya kwa dakika chache. Majina ya watu wako kampuni haiyajui. Kama yalikuwa kwenye laini, yameandikwa ndani ya ile chipu ya zamani, na kadi mpya huja tupu.

Na hapa ndipo watu wanaponiudhi: kadi ya zamani wanaitupa. "Si imekufa?" Imekufa kwa mtandao. Haipigi wala haipokei, lakini kumbukumbu yake haijui habari hiyo. Irudishe kwenye simu na utaona maneno ya kulalamika juu ya mtandao, yapuuze, kisha fungua Contacts, ingia Organize, ambayo kwenye matoleo ya zamani iliitwa Fix & manage, halafu chagua kuingiza majina kutoka SIM. Majina yatakuja. Kwenye iPhone ni Import SIM Contacts, ndani ya mipangilio ya Contacts. Kama kadi ina PIN usibahatishe: ukikosea mara 3 inadai PUK, na PUK ukiikosea mara 10 kadi inafungwa moja kwa moja. Hapo hata mimi sina dawa.

Mama mmoja aliniletea simu mpya yenye majina 40 tu, naye alikuwa na mamia. Lawama zote kwa laini.

"Mama, simu ya zamani iko wapi?"

"Nimempa mwanangu. Nilifuta majina yangu kwanza, asije akawapigia watu ovyo."

"Ulifuta vipi?"

"Niliyachagua yote, nikafuta."

Basi, laini haikuwa na kosa. Simu ile ilikuwa na akaunti yake ya Google na intaneti imewashwa. Kusinki maana yake ni kufananisha simu na akaunti, kwa pande zote mbili. Ukiongeza jina huku, linaongezeka kule. Ukilifuta huku, kule pia linafutika. Watu husema "nimesinki, niko salama", kana kwamba wamefungia majina kabatini. Kusinki ni kioo, na kioo kinaonyesha hata uharibifu wako. Angeiondoa akaunti kwenye simu, au angeirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, majina ya kwenye akaunti yangebaki. Kufuta jina na kuondoa akaunti ni vitu viwili tofauti, na ningeweza kulisema hili mpaka jioni.

Tukafungua contacts.google.com kwa akaunti ile ile ya simu ya zamani (uliza hili kwanza, maana wengi wana akaunti mbili na wanachungulia isiyo yenyewe), tukaingia Trash. Majina 210 yalikuwa yamelala humo. Google huyaweka siku 30 tangu kufutwa, naye alikuwa siku ya 26. Tukayarudisha.

Ukurasa huo huo una Undo changes, inayorudisha orodha nzima ilivyokuwa hadi siku 30 nyuma. Mimi huiogopa kidogo. Uliowaongeza baada ya siku unayorudia wanaweza kupotea, kwa hiyo nakili orodha ya sasa kwa Export kwanza. Naitumia majina yakiwa yamevurugwa au kuunganishwa ovyo. Kwa yaliyofutwa, Trash inatosha. iCloud nayo ina Restore Contacts chini ya Data Recovery, kwenye icloud.com, na yenyewe hubadilisha orodha yote kwa ile ya zamani.

Bado walikosekana watu. Laini ya zamani aliikuta kwenye pochi, ikatoa 118. Hapo ndipo nilipomwonyesha kwa nini sipendi laini kama ghala. Kadi nyingi hubeba majina takriban 250, kila moja na namba moja, na jina refu hukatwa, mara nyingi kwenye herufi ya 14 hivi. "Fundi Mabomba Juu" na "Fundi Mabomba Chini" wote walikuwa "Fundi Mabomba". Tulilazimika kuwapigia. Hata hivyo nakiri: mara kadhaa laini hiyo hiyo ninayoidharau ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu haifutwi na kusinki.

Kabla hujaanza yote haya, angalia kama majina yamefichwa tu. Juu ya orodha ya Contacts simu huandika akaunti inayoonyeshwa. Ikionyesha moja tu, zingine hazionekani ingawa zimo. Nimewahi kumhangaisha mteja saa nzima kwa kusahau kubonyeza hapo.

Yaliyohifadhiwa kama Device, yaani ndani ya simu yenyewe peke yake, simu ikipotea bila nakala, ndiyo yamekwenda. Siku hizi mteja akiniambia hivyo, namuuliza tu kama bado ana laini ya zamani.