Meseji hazitoki ila za wenzako zinaingia? Cheki namba ya kituo

Kuna dada alituletea simu juzi, ameshairudisha ilivyotoka kiwandani mara mbili, picha zote za mtoto zimepotea, na meseji bado hazitoki. Kupiga anapiga, bando linafanya kazi, meseji za watu zinaingia vizuri tu, ila akituma yeye inazunguka weee halafu inaandika haijatumwa, na salio haligusi.

Hiyo ya zinaingia lakini hazitoki ndo dalili yenyewe. Meseji ya kawaida haiendi moja kwa moja kwa unayemtumia, inapita kwanza kwenye kituo cha meseji cha mtandao wako, kinaipokea, kinaitunza, halafu kinamtafuta mwenzako hata kama kazima simu. Kituo kina namba yake kama namba ya simu, na simu yako lazima iijue ili ipeleke huko. Za kuingia hazitumii namba hiyo uliyonayo wewe, zinaletwa na kituo cha aliyekutumia, ndo maana unazipata. Wasapu nayo inapita intaneti, haihusiki kabisa.

Sasa namba hiyo kwa kawaida inakaa kwenye laini, sio kwenye simu. Tulichukua laini ya yule dada tukaweka kwenye simu yetu, ikagoma vilevile, tukaweka laini yetu kwenye simu yake, meseji ikatoka. Basi simu nzima, tatizo laini. Kufungua tukakuta namba imeanza na sifuri badala ya +255, na tarakimu moja ya mwisho haipo, maana kuna fundi aliwahi "kumrekebishia". Kurudisha simu kiwandani hakugusi kilichoandikwa kwenye laini, picha zimeondoka bure jamani.

Kwenye Samsung nyingi ingia Messages, mipangilio, mipangilio zaidi, meseji za maandishi, utaona Message centre. Kwenye aifoni piga hii kuiona:

```
*#5005*7672#
```

Namba sahihi ulizia huduma kwa wateja wa mtandao wako, hapa Tanzania piga 100, usichukue ya jirani mwenye mtandao mwingine maana kituo cha watu kitakukatalia. Iandike ikianza na +255, bila nafasi katikati, hifadhi, zima simu uwashe, kisha tuma meseji moja kwa mtu wa mtandao wako. Simu zingine zimeficha sehemu hiyo au haziruhusu kubadilisha, hapo nenda dukani kwa mtandao wako wakurudishie laini mpya ya namba ileile, inakuja na namba ya kituo ikiwa tayari imeandikwa.

Kama meseji inagoma kwa mtu mmoja tu na kwa wengine inatoka, usiguse hiyo namba, kituo chako kiko sawa, tatizo liko upande wa huyo mmoja. Yule dada alituma "mambo" kwa mama yake palepale kaunta, jibu likarudi kabla hajafunga kava la simu.