Uhakiki wa kitabu katika jarida la shule: toa maoni, yathibitishe, siri ya hadithi ibaki

Kila muhula maktaba yetu ya mkoa hupokea rasimu za majarida ya shule ili zipitiwe kabla ya kwenda kwa mchapaji. Mwaka huu malalamiko mengi yaliyofika mezani petu yamehusu ukurasa mmoja tu, ule wa uhakiki wa vitabu. Walimu wa fasihi wanasema wanafunzi wao wamepoteza hamu ya kusoma kitabu cha darasa kwa sababu jarida limekwisha kuwaeleza kinavyoishia. Wahariri vijana nao wanatujibu kwamba ukimzuia mhakiki kusimulia mwisho, umemnyima ushahidi. Makala hii inajibu hoja hiyo ya pili, kwa kuwa si sahihi, na imerudiwa mara nyingi mno.

Nitatumia kitabu ambacho shule nyingi zinacho kabatini: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza la nchi ya Kusadikika, nchi iliyo angani. Mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno, na kosa linalodaiwa ni kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama anapewa siku sita za kujitetea. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyewahi kutumwa na nchi hiyo: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Baada ya hapo baraza linatoa hukumu. Nimeishia hapo kwa makusudi, na mhakiki naye aishie hapo.

Wengi huuliza mpaka wa siri uko wapi. Ofisi yetu haihesabu kurasa kwa upofu, ila tunalo swali moja: je, mwandishi mwenyewe anataka msomaji alijue jambo hili kabla ya lile linalofuata? Mashtaka ya Karama yanatajwa mapema, kwa hiyo si siri. Kwamba kuna wajumbe sita ndiyo mifupa ya kitabu, nayo si siri. Lakini yanayompata mjumbe wa kwanza anaporudi nyumbani yamewekwa ili yamshtue msomaji, basi yaachwe yamshtue. Hukumu ndiyo siri kubwa kuliko zote, kwa sababu siku zote sita zimejengwa juu ya swali hilo.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Tuseme mwanafunzi wa kidato cha tatu ameandika hivi: "Kitabu hiki ni kizuri sana ila katikati kinachosha." Mhariri akimwomba athibitishe, anaongeza aya tatu za muhtasari, safari baada ya safari, mpaka hukumu. Sasa siri imetoka na ushahidi bado haujapatikana! Muhtasari unaonyesha kwamba amesoma. Hauonyeshi kwamba kitabu kinachosha. Hapa naomba tuelewane vizuri, maana kosa hili linatoka hata kwa wanafunzi hodari: kusimulia si kuthibitisha.

Neno "kinachosha" linadai jambo kuhusu namna kitabu kilivyopangwa. Ushahidi wake basi utafutwe kwenye mpangilio. Mwanafunzi arudi kitabuni na kalamu ya risasi, aandike kila siku ya utetezi inavyofunguka: nani anasema, mjumbe anatambulishwa vipi, anaondoka kwa ajili ya nini, kurasa ngapi zinapita kabla hajafika aendako. Afanye hivyo kwa siku mbili au tatu za kwanza tu. Ataona kwamba umbo moja linarudi. Hapo anaweza kuandika: "Kila siku ya utetezi ina umbo lilelile: mjumbe anatajwa, anaagwa, anasafiri, anarudi barazani. Kufikia siku ya tatu nilikuwa najua hatua inayofuata kabla sijafungua ukurasa." Maoni yake yamesimama, msomaji anaweza kuyapima mwenyewe, na hakuna siri hata moja iliyotoka.

Na asikomee hapo. Uhakiki wenye uzani unauliza pia kama kuna sababu ya kurudiarudia huko. Karama yuko mahakamani, naye anajenga hoja moja kwa mifano sita. Msemaji anayejitetea mbele ya baraza lisilomsikiliza ana haki ya kurudia. Kwa hiyo mhakiki mwingine, kwa ushahidi uleule, anaweza kusema urudiaji huo ndio nguvu ya kitabu. Maoni mawili yanayopingana yanaweza kusimama juu ya ushahidi mmoja, na jarida linaweza kuyachapa yote mawili. Tusichokubali ni maoni yanayoelea.

Majina ya wahusika ni chanzo kingine kisichogusa siri yoyote. Waziri anaitwa Majivuno. Msomaji wa Kiswahili anamjua kabla hajafungua kinywa. Mhakiki anayesema "wahusika hawana undani" anao ushahidi wake pale anapotajwa mshtaki. Lakini awe mwaminifu: hii ni hadithi ya mafumbo, iliyoandikwa Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, na mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Jina lililo wazi na nchi isiyo kwenye ramani vinaweza kuwa njia ya kusema juu ya watawala bila kuwataja. Sentensi mbili za namna hiyo zinampa msomaji kitu cha kuchukua hata akikataa hukumu ya mhakiki.

Juu ya mwisho wenyewe, mhakiki anaruhusiwa kusema. Wengi wanadhani ni mwiko, si mwiko. Anaweza kusema kama maswali yaliyofunguliwa siku ya kwanza yanajibiwa. Anaweza kuhesabu kurasa zinazopewa hukumu na kuzilinganisha na zile za utetezi, kisha akasema kama uwiano huo unamtosha. Asichoweza ni kusema hukumu ilikwenda upande gani, wala nani aliondoka barazani akiwa na furaha.

Siri zinavuja pia mahali ambapo wahariri hawaangalii. Kichwa cha habari kinavuja. Maelezo chini ya mchoro yanavuja. Kumwita mhusika "marehemu" katika mstari wa kwanza kunavuja, hata kama kifo chenyewe hakisimuliwi. Hata "mwisho wake utakushangaza" ni uvujaji, kwa sababu msomaji ataanza kuwinda mshangao tangu ukurasa wa kwanza. Tafadhali pia tuache kuweka onyo la "usiendelee kusoma kama hujasoma kitabu" na kisha kumwaga kila kitu kwenye mstari unaofuata. Jarida ni karatasi. Jicho linaona ukurasa wote kwa mara moja, na onyo halifuniki kitu.

Sasa utaratibu, na naomba walimu walezi wa klabu za habari wausome kwa makini kwa sababu tunaufuata bila upendeleo. Rasimu ya uhakiki ije ikiwa imepigwa chapa, nafasi mbili kati ya mistari, na pambizo pana upande wa kushoto. Kwenye pambizo mwandishi aweke herufi M palipo na maoni, U palipo na ushahidi, na S kila anapohisi amekaribia siri. M isiyo na U ndani ya aya hiyohiyo itarudishwa. S itajadiliwa na mhariri wa jarida kabla rasimu haijafika kwetu, si baada ya kufika. Juu ya rasimu yaandikwe jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka wa chapa iliyosomwa. Mwaka huo ni wa lazima. Kitabu kilichochapwa mara nyingi hubadilika kurasa kutoka chapa moja hadi nyingine, na ukurasa wa 30 wa nakala yako unaweza usiwe wa 30 wa nakala yetu. Kwa Kusadikika, taja pia siku ya utetezi, ili mwenye chapa yoyote aweze kuipata sehemu hiyo.

Dondoo zisizidi mbili, na kila moja isizidi maneno 40. Hicho ni kiwango chetu cha ndani, si cha sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinacholingana na kusudi la kunukuu, mradi chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Dondoo isiyotaja chanzo hatuipitishi, hata ikiwa na maneno matano. Picha ya jalada haihesabiwi kuwa dondoo: tunataka kibali cha maandishi cha mchapishaji, kiambatishwe kwenye rasimu. Maneno yaliyo nyuma ya jalada yameandikwa na mchapishaji ili kitabu kiuzwe. Mwanafunzi anayeyanakili kama maoni yake amefanya udanganyifu wa kitaaluma, na shauri lake tunalipeleka kwa mwalimu mlezi kwa barua.

Adhabu zetu ni hizi. Rasimu yenye kasoro mara ya kwanza inarudishwa na maelezo. Mara ya pili inaondolewa kwenye toleo hilo, na nafasi yake hairudishwi muhula huo. Jarida likichapwa na siri ikiwa imetoka bila kupita kwetu, mhariri anachapa masahihisho katika toleo linalofuata. Masahihisho hayo yasirudie siri, kama ilivyowahi kutokea: jarida moja liliomba radhi kwa kutaja hukumu, na katika kuomba radhi likaitaja tena.

Kabla ya kuleta rasimu, ipitisheni kwa wasomaji wawili, mmoja aliyesoma kitabu na mmoja ambaye hajakisoma. Aliyekisoma aseme kama ushahidi upo kweli mahali palipotajwa. Ambaye hajakisoma aulizwe swali moja: unadhani hadithi inaishaje? Akijibu kwa kusitasita, rasimu ni salama. Akijibu kwa uhakika, mwombeni apige mstari chini ya neno lililomwambia. Katika rasimu moja ya Kusadikika tuliyoipokea muhula uliopita, mwili wote wa makala ulikuwa safi, lakini msomaji wa pili alitabiri hukumu bila kusita. Neno alilopigia mstari lilikuwa kwenye kichwa cha habari. Mwandishi alilifuta, akaandika badala yake "Siku sita barazani", na makala ikapita.